"Anatafuta Kiki" Walisema, Kumbe Binti Alikuwa Usiku wa Nne Hajalala

Wengi wa Mwanza mliiona ile klipu. Binti yuko pembezoni mwa ziwa, kule Kirumba Mwaloni, giza bado halijatoka, nyuma yake mitumbwi ya dagaa inaingia na taa zake. Amevaa gauni la kanisani na raba za shule. Anaongea haraka mpaka maneno yanapandana, anasema amepewa maono, anajenga shule mia moja, na asubuhi hii atatembea juu ya maji mpaka Ukerewe kwenda kuchagua kiwanja cha kwanza. Saa 9 usiku, laivu, watu zaidi ya elfu moja ndani. Komenti zinashuka kama mvua: "Dada kiki imekolea." "Kapuliza huyu." "Tembea basi tuone." Huyo wa mwisho alipata mioyo mingi kuliko wote.

Binti ana miaka 17. Yuko kidato cha nne, anakaa Kitangiri na mama yake anayeuza dagaa hapo hapo Mwaloni, pamoja na kaka yake anayeendesha bodaboda. Jina lake halitatajwa hapa. Aliyelijua kupitia ile klipu tayari ni wengi mno.

Kilichomtokea hakikuanza usiku ule.

Rudi nyuma mpaka mwezi wa tano. Binti huyu alikuwa mtu wa kwaya, mwenye maneno mengi, anayejua bei ya dagaa kuliko madalali. Kisha akazima taratibu. Akirudi shule analala mpaka usiku, akiamshwa kula anasema hana hamu. Kwaya akaacha. Maksi zikashuka, na madaftari yakawa na kurasa nyeupe. Mama akadhani ni mapenzi, maana kwa binti wa umri huo ndilo jibu la kwanza linalokuja kichwani. Siku moja akamkuta analia jikoni bila sababu, na alipoulizwa akasema tu, "Mama, nimechoka kuwepo."

Hilo lilimtisha mama, akampeleka kwa mtaalamu mmoja wa tiba. Binti akasikilizwa vizuri tu, akaambiwa ana sonona, akapewa vidonge vya sonona. Hadi hapo hakuna kosa. Kosa lilikuwa ni swali moja ambalo halikuulizwa: je, kwenye ukoo kuna mtu aliyewahi kupanda kinyume chake, akawa halali, anaongea bila kukoma, anagawa mali? Angeuliza, mama angemwambia habari za kaka yake wa Geita, yule ambaye enzi za ujana wake aligawa pesa zote za mgodi kwa siku mbili, akaishia Mirembe kule Dodoma. Familia ilikuwa inasema alirogwa na wenzake wa machimboni. Na binti mwenyewe angeulizwa, angesema kwamba mwaka jana kulikuwa na siku tatu nne alizokuwa "na moto sana", akaandika nyimbo 12 kwa wiki, halafu ikapita.

Kwa nini swali hilo ni zito hivyo? Kwa sababu sonona ya kijana inaweza kuwa sonona tu, au inaweza kuwa mlango wa kwanza wa baipola, ugonjwa ambao hali ya mtu inashuka vipindi fulani na kupanda vipindi vingine. Kwa wengi baipola huanzia upande wa chini. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kushikilia hali isipande, unaweza kumsukuma akavuka mpaka upande wa pili. Haimaanishi watu waogope dawa za sonona, zinasaidia wengi. Maana yake ni kwamba aliyeandikiwa dawa hizo akiwa kijana aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na mtu akiona usingizi unapungua huku nguvu zinapanda, arudishwe kwa aliyemwandikia kabla ya tarehe ya kadi.

Wiki tatu baada ya vidonge, binti akawa mzima. Hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyoona. Anaamka saa 11, anafua, anaimba, anamsaidia mama kubeba magunia. Mama akatoa sadaka ya shukrani. Jamani, nani asingetoa?

Ila kaka mtu akaanza kuona kitu. Dada yake alikuwa analala saa 6 za usiku na kuamka saa 11, halafu akawa analala saa 8, halafu ikawa akipita kwenye korido usiku wa manane anakuta taa inawaka. Na hapa ndipo panapowapoteza watu wengi, kwa hiyo tulia kidogo. Kijana kukesha siyo ajabu. Wote wanakesha na simu. Tofauti iko kesho yake. Aliyekesha kawaida asubuhi ni mzigo, anasinzia darasani, ananuna, Jumamosi analipizia mpaka saa 6 mchana. Anayepanda amelala saa mbili au hakulala kabisa, na anaamka amechajiwa kuliko jana. Halalamiki kwamba amekosa usingizi. Anakuambia haumhitaji. Ukitaka ishara moja tu ya kushika, shika hiyo, kwa sababu mara nyingi inatangulia vituko vyote kwa siku kadhaa, na ni kitu kinachohesabika. Huhitaji kuwa daktari kuhesabu saa.

Baada ya usingizi kikafuata kinywa. Akawa anaanza habari ya mtihani wa Novemba, kabla hajaimaliza yuko kwenye biashara ya fulana, kutoka hapo yuko kwa Rais, na ukimkatiza anakasirika vibaya, yeye ambaye hakuwahi kumjibu mama yake. Akajaza madaftari matatu ya kaunta kwa mipango. Baadaye kaka alionyesha kurasa chache: ya kwanza inasomeka, ina hesabu za faida. Ya mwisho ni maneno yanayofuatana kwa sababu yanafanana sauti tu.

Halafu pesa. Yeye ndiye aliyekuwa anamsaidia mama kwenye M-Pesa, namba ya siri anaijua. Siku ya Alhamisi akatoa 380,000, mtaji wa dagaa, akanunua taa ya duara ya kurekodia, akalipa kianzio cha fulana 40 zenye picha yake, na iliyobaki akawagawia watoto wa jirani. Akaanza pia kuwajibu wanaume watu wazima wa inboksi, na mmoja akamtumia jina la gesti na nauli. Kaka aliikuta meseji hiyo dakika chache kabla binti hajatoka. Hili wengi hawalisemi kwa aibu, lakini ni sehemu ya ugonjwa wenyewe: breki zinaondoka. Msichana anayepanda siyo kwamba "ameharibika". Yuko hatarini, na kuna watu wanaosubiri mtandaoni hasa kwa ajili ya mtu wa hali hiyo.

Ijumaa akaacha kula. Akasema mtangazaji wa redio anamtaja kwa mafumbo. Hapo mambo yalikuwa yameshavuka kutoka kuchangamka kupita kiasi mpaka saikosisi, yaani akili kuachana na kile ambacho wengine wote wanakiona na kukisikia.

Nyumba ilifanya ambacho nyumba nyingi hufanya. Kwanza zahanati, Jumamosi asubuhi. Wakapima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha kidole, ikasoma mistari miwili. "Malaria imepanda kichwani," wakaambiwa, wakapewa dawa mseto, wakarudi nyumbani. Sasa hapa pana mtego ambao watu wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kuujua. Ni kweli kabisa malaria kali inaweza kumfanya mtu aweweseke, na ni kweli lazima ipimwe. Lakini sehemu yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vijidudu bila kuumwa, na vile vipimo vya haraka vinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa na kupona. Binti alikuwa ametibiwa malaria mwezi uliopita. Joto lake siku ile lilikuwa 36.8. Mtu mwenye malaria kali kichwani hachezi kwenye benchi la zahanati akiwafundisha wagonjwa wenzake ujasiriamali. Huyo amelegea, ana homa, hajui yuko wapi, pengine amedegedeka. Mistari miwili ilijibu swali moja na kufunga maswali mengine yote.

Usiku wa Jumamosi ukawa mkesha wa maombi. Watu wa kanisani walikuja kwa upendo, na hakuna wa kuwalaumu kwa kuomba. Tatizo ni saa zenyewe. Ngoma, sauti za juu, taa, kulala hakuna: kwa mtu ambaye ugonjwa wake unaendeshwa na kukosa usingizi, mkesha ni petroli. Jumapili mjomba mwingine akaja na wazo la nfumu mmoja ng'ambo ya Sengerema, kuvuka na daraja jipya la Kigongo hadi Busisi siku hizi ni dakika chache tu. Wakakubaliana waende Jumatatu. Na usiku wa kuamkia hiyo Jumatatu ndipo binti alipopita dirishani, akaenda Mwaloni, akawasha laivu.

Aliyemtoa majini ni wavuvi. Maji yalikuwa kifuani. Wakadhani amelewa.

Kaka alipomfikisha nyumbani, jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye ni muuguzi mstaafu, alikuwa ameshatoka nje kwa kelele. "Shikamoo mama," kaka akasema huku analia. Yule mama hakuanza na pole wala mahubiri. Akauliza maswali, moja moja, kwa utulivu, na kila jibu akalirudia kwa sauti ili wote wasikie.

"Amelala saa ngapi tangu Alhamisi?" Hakuna aliyejua. Binti mwenyewe akajibu akicheka, "Usingizi ni wa maskini."

"Ana homa? Shingo inakunjika? Ameanguka kifafa? Amegonga kichwa?" Hapana, hapana. Akamwinamisha kidevu kifuani mwenyewe. "Anajua leo siku gani na hapa ni wapi?" Alijua vizuri, akataja hadi jina la mtaa. Hili swali la pili, yule mama alieleza, ndilo linalotenganisha mambo mawili yanayofanana. Mtu ambaye kichwa kinasumbuliwa na ugonjwa wa mwili, iwe malaria, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka au sumu, huwa anapotea na kurudi: saa hii anakutambua, saa ijayo anakuita bibi yake. Huona vitu zaidi ya kusikia, na mara nyingi yote yanaanza ndani ya saa chache. Huyo ni dharura ya dakika, unakimbia. Mwenye saikosisi kwa kawaida anajua yuko wapi, ila anachokiamini ndicho kimepotoka. Lakini hata kama shingo inakunjika, huo siyo uthibitisho wa kumwacha nyumbani. Vipimo vitafanywa hospitali.

Swali la mwisho akamgeukia binti. "Mwanangu, kuna sauti unazisikia?" Ndiyo. "Zinakuambia ufanye nini?" Binti akaacha kucheka. Akasema zinamwambia arudi ziwani, na akiogopa kuzama zinamwita msaliti.

"Tunaondoka sasa hivi," yule mama akasema. Mjomba akajaribu kuingiza habari ya Sengerema, asubuhi na mapema tu, gari ipo. "Shemeji, Sengerema haitahama. Huyu anaambiwa aingie majini. Sasa hivi."

Sauti zinazoamrisha ndizo zilizomaliza mjadala, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kusikia sauti zinazotaja jina lako ni jambo la kupelekwa kwa daktari ndani ya siku chache. Kusikia sauti zinazokuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, hapo hakuna kesho. Vivyo hivyo akisema anataka kufa, au ameshaanza kuaga watu na kugawa vitu vyake. Vivyo hivyo akiwa ameacha kula na kunywa, au amekaa kimya kama gogo hajibu wala hajisogezi, maana huyo mtulivu watu humsahau wakati figo zake zinakauka. Vivyo hivyo akiwa mjamzito au amejifungua wiki hizi. Na usiku wa pili mfululizo bila usingizi kabisa, huku maneno hayaeleweki tena, unatosha peke yake kumpeleka siku hiyo hiyo.

Wakati wanasubiri bajaji, yule muuguzi akatoa maagizo machache yenye maana kubwa. Redio izimwe. Watu watoke, wabaki wawili anaowapenda. Asibishiwe habari ya kutembea juu ya maji, wala asikubaliwe, akisema, aambiwe "tumekusikia, twende kwanza upate kupumzika." Visu na dawa ya panya viondolewe kimya kimya. Kamba ambayo mjomba alikuwa ameishika, airudishe alikoitoa. Kamba inakata damu mikononi, na pia inamfundisha kijana kwamba akiumwa tena afiche. Na asipakiwe kwenye bodaboda, hata kama kaka yake ndiye dereva. Wakakaa watatu kwenye bajaji, yeye katikati.

Walianzia Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakampima joto, sukari, malaria kwa hadubini safari hii, virusi vya Ukimwi, ujauzito, na wakauliza dawa zote anazomeza. Mama akakumbuka vidonge vya sonona, vilikuwa kwenye mkoba. Vikasimamishwa palepale. Wakauliza pia bangi na vitu vingine, na kaka akajibu kwa hasira kwamba dada yake havuti. Daktari akamwambia hata angevuta, angetibiwa vilevile. Bangi inaweza kuamsha saikosisi, hasa kwa aliyeanza mdogo au mwenye ukoo wenye ugonjwa huu, lakini neno "anavuta" halijawahi kumponya mtu. Mchana wakapewa rufaa kupanda Bugando, kwenye idara ya afya ya akili.

Usingizi wa kwanza ulikuja kwa sindano. Alilala saa 14.

Siku ya pili wodini ikatokea kitu kilichotaka kuharibu kila kitu. Shingo ya binti ikajipinda upande mmoja, macho yakageukia juu yakabaki humo, ulimi ukawa mzito. Mama akapiga yowe. Mjomba, ambaye bado moyo wake ulikuwa Sengerema, akasema, "Mnaona? Jini limekataa dawa." Kumbe hilo ni dhara linalojulikana sana la haloperidoli na dawa za jamii yake, misuli inakaza ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, na vijana ndio hupata zaidi. Linatisha kwa macho, linauma, na linaweza kuwa hatari likikaba koo, lakini linatibika kwa sindano nyingine. Nesi alimchoma, na ndani ya dakika kama 20 shingo ikanyooka. Fikiria sasa kama ingetokea nyumbani bila mtu kuwaambia mapema. Familia ngapi zimeacha dawa siku hiyo na hazikurudi tena? Ukipewa dawa hizi kwa ajili ya mdogo wako, uliza hapo hapo dirishani: shingo ikikaza tufanye nini, na je, kuna kidonge cha kuzuia?

Wakambadilishia akaenda kwenye olanzapini. Daktari alieleza pia kwa nini hampi sodiamu valproeti, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya kifafa na inatumika sana kwa baipola: ni binti, na dawa hiyo akishika mimba inaweza kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, mara nyingi kabla mama hajajua kama ana mimba. Lithiamu ingefaa, ila inataka damu ipimwe kiwango mara kwa mara, na kati ya dozi inayotibu na dozi inayosumisha nafasi ni nyembamba. Olanzapini nayo ina bei yake. Binti alianza kula kama fundi wa zege na kwa miezi miwili uzito ukapanda kilo 7. Kwa msichana wa miaka 17 mwenye simu, hilo siyo jambo dogo, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya vijana kuacha dawa kimya kimya. Alisema wazi kwamba anataka kuacha. Daktari hakumkaripia, akapunguza dozi polepole na kumpangia kupimwa uzito na sukari kila akija.

Kwenye wodi ile ile kulikuwa na kijana wa kiume kutoka Igoma, miaka 19, ambaye hadithi yake haikuwa na laivu wala kelele. Yeye alififia. Kwa karibu mwaka mzima aliacha marafiki mmoja mmoja, akaacha kuoga, akaziba dirisha kwa magazeti, akawa anacheka peke yake chumbani. Alivunja simu yake kwa sababu wanafunzi wenzake walikuwa wameweka kamera ndani. Baba alisema ni uvivu, akampeleka kuponda kokoto ajifunze maisha. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angesema leo ni dharura, na ndiyo maana ulipita mwaka. Saikosisi ya namna hii huingia kwa mguu wa paka, na kadiri inavyokaa bila tiba ndivyo kurudi kwa mtu kunavyokuwa kugumu. Kijana ambaye kwa wiki kadhaa amebadilika akawa mtu mwingine, amejitenga, shule imeanguka, na anaanza kuwa na imani za ajabu za kufuatiliwa, apelekwe wiki hiyo hiyo. Asisubiriwe mpaka avue nguo barabarani.

Binti alipewa jina la ugonjwa wake polepole. Wiki ya kwanza daktari alisema tu, "amepanda." Baadaye, baada ya kuunganisha sonona ya mwezi wa tano, zile siku za nyimbo 12, mjomba wa Geita na kile kilichotokea Mwaloni, akasema baipola. Na akamwambia mama kuhusu muda: kupona kipindi hiki ni wiki, lakini dawa zitaendelea miezi mingi baada ya yeye kujisikia mzima, na kuziacha ghafla ndiyo njia fupi ya kurudi wodini.

Kuhusu zile komenti, kuna mtu mkubwa wa muziki aliyepita humo humo. Mwaka 2001 Mariah Carey alitokea bila kutarajiwa kwenye kipindi cha MTV akisukuma kigari cha aiskrimu, anaongea mambo yasiyoshikana, na dunia ikacheka ikasema ni kiki ya albamu. Siku chache baadaye alilazwa. Ilimchukua mpaka 2018 kusema hadharani kwamba mwaka ule ule ndipo aliambiwa ana baipola. Miaka 17 ya kunyamaza, na huyo ana mawakili na walinzi. Binti wa Kitangiri alikuwa na kaka yake tu, ambaye wiki ile ya wodini alikuwa anashinda akiripoti klipu, akaunti moja baada ya nyingine, na zikifutwa zinarudi na maandishi mapya ya kuchekesha.

Katika watu elfu moja na kitu waliokuwa kwenye ile laivu, mmoja alifanya kitu kingine. Alikuwa mwanafunzi mwenzake. Hakuandika komenti. Alimpigia kaka mtu saa 9 na dakika 12, akamwambia, "Kaka, yuko Mwaloni, upande wa mitumbwi, njoo." Ndiyo maana bodaboda ilifika wakati wavuvi bado wamemshikilia. Kama asingekuwa na namba ya ndugu, angeweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, au 112 ya polisi, akataja mahali. Anayeonekana amepanda au amepotea kwenye laivu anahitaji mtu mmoja anayejua alipo. Watazamaji anao tayari.

Mtihani wa Novemba hakuufanya. Alilia sana kwa hilo, kilio cha kawaida kabisa, na mama alisema alishukuru kukisikia. Atafanya mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtaji wa dagaa umerudi nusu, fulana 40 ziko chini ya kitanda, mwenye duka aligoma kurudisha kianzio.

Ukutani kwenye chumba chake kuna karatasi ya kalenda ambayo yeye na kaka yake wanaandika saa za kulala, kila asubuhi kabla ya chai. Walikubaliana akiwa mzima, kwa maneno yake mwenyewe: namba ikishuka chini ya 5 siku mbili mfululizo na hajisikii uchovu, simu inabaki kwa kaka, M-Pesa inabaki kwa mama, na wanapanda Bugando bila kusubiri tarehe ya kliniki. Mwezi Januari iliandikwa 4, kesho yake 4. Binti akabisha, akasema ni joto tu. Kaka akachukua funguo. Waliongezewa dozi, wakarudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa daladala, na wiki iliyofuata namba zilikuwa 7, 8, 8, 7.